Shilingi Tatu kwa Kila Mia: Kodi ya Mauzo na Kodi ya Faida kwa Mwenye Duka

Nitazungumza kuhusu jambo moja tu, nalo ni hesabu. Mwenye biashara ndogo nchini Kenya ana njia mbili za kutozwa kodi kwa kile anachopata. Ya kwanza hutazama mauzo, ya pili hutazama faida. Wengi wenu mko katika ile ya kwanza bila kuichagua, na kuna wanaolipa mara nne ya kile ambacho wangelipa katika ile ya pili. Wapo pia ambao wakihama watajuta. Leo tutafute namna ya kujua wewe uko upande gani, kwa kutumia mauzo yako na matumizi yako ya mwaka mzima.

Kwanza sheria yenyewe, kwa ufupi. Kodi ya mauzo, ile ambayo kwenye iTax imeandikwa TOT, humwangukia mtu mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Tangu 1 Julai 2023 kiwango chake ni asilimia 3 ya mauzo yote. Hailipwi kwa kodi za nyumba wala kwa ada za kitaalamu, yaani za wakili, mhasibu au mshauri. Hizo zina utaratibu wake. Huruhusiwi kutoa gharama yoyote kabla ya kuipiga. Hairejeshwi wala haijumlishwi na kitu kingine: ukishalipa asilimia 3, mapato ya biashara hiyo yamemalizana na serikali kwa upande wa kodi ya mapato. Mwenye mauzo yaliyo chini ya milioni 1 hayumo, ila asidhani amesahauliwa, kwa sababu yeye yuko katika kodi ya mapato ya kawaida na anatakiwa kutuma ritani kila mwaka hata kama hadaiwi senti.

Neno la muhimu katika sheria hiyo halipigiwi kelele. Anayestahili TOT anaweza kumwandikia Kamishna kwamba hataki kuwa humo, naye akatozwa kama mtu mwingine yeyote, kwa faida yake. Hahitaji kuomba radhi wala kutoa sababu. Kwa hiyo swali la leo si la wasomi. Ni uamuzi ambao kila mmoja wenu amepewa, na asiyeuamua ameamuliwa.

Sasa tuingie dukani. Nimetunga duka la mfano, la kina mama wengi mnaowajua: unga, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni, soda baridi, na magunia mawili matatu ya maharagwe na viazi mlangoni. Kwa mwaka liliuza bidhaa za shilingi 4,200,000. Gawanya kwa siku za mwaka utaona ni kama shilingi 11,500 kwa siku, kiasi ambacho hakimfanyi mtu tajiri mtaani.

Mwaka ulipoanza, rafu zilikuwa na mali ya shilingi 310,000 kwa bei ya kununulia. Katika mwaka mama mwenye duka akanunua mali ya 3,531,000. Mwaka ulipokwisha akahesabu rafu, akakuta mali ya 355,000. Kwa hiyo mali iliyoondoka dukani ilimgharimu 3,486,000. Hapo wengi husimama, na hapo ndipo kosa la kwanza huingia. Katika mali iliyoondoka, ipo iliyokwenda nyumbani kwake: unga wa jioni, sukari ya chai, sabuni ya kufulia, kama shilingi 3,000 kwa mwezi, 36,000 kwa mwaka. Hiyo haikuuzwa, na chakula cha nyumbani hakiwi gharama ya biashara. Tuiondoe. Gharama ya mali iliyouzwa inabaki 3,450,000, na faida ghafi ni 750,000.

Kisha gharama za kuendesha. Pango la duka ni 12,000 kwa mwezi, yaani 144,000. Umeme 28,000. Usafiri wa kuleta mali kutoka sokoni 66,000. Wenye mikokoteni na mahamali 60,000. Simu pamoja na ada za kupokea malipo 26,000. Kibali cha kaunti 10,000. Halafu lipo friji la soda, lililonunuliwa kwa 60,000. Friji haliingizwi lote kwa mwaka mmoja. Sheria inaruhusu asilimia 10 ya bei yake kila mwaka, kwa hiyo tunapata 6,000. Jumla ni 340,000. Toa katika 750,000, faida halisi ni shilingi 410,000.

Angalieni pia visivyomo. Hakuna mshahara wa mwenye duka, kwa sababu anachojilipa ni faida yake mwenyewe anayoichukua mapema. Hakuna karo za watoto. Angekuwa na mkopo wa kuendeshea duka, riba ingeingia, lakini kurudisha mkopo wenyewe kusingeingia. Nimeona madaftari yaliyojaa hasara ya uongo kwa sababu karo, rambirambi na marejesho ya chama vyote viliandikwa chini ya matumizi.

Haya, tumtoze. Kwa njia ya mauzo ni asilimia 3 ya 4,200,000, sawa na 126,000. Kwa njia ya faida tunatumia viwango vya mtu binafsi: 288,000 za kwanza kwa mwaka asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo asilimia 30, juu zaidi vipo viwango vya asilimia 32.5 na 35, ila vinaanzia kwenye milioni 6 na havituhusu hapa. Kila mkazi ana nafuu binafsi ya 28,800 kwa mwaka. Asilimia 10 ya 288,000 ni 28,800 kamili, kwa hiyo nafuu hiyo inaifuta. Maana yake ni kwamba faida ya hadi 24,000 kwa mwezi haina kodi hata kidogo. Duka letu lina 410,000. Sehemu ya kwanza ni sifuri. Laki moja inayofuata inatozwa 25,000. Zinabaki 22,000 za kutozwa asilimia 30, nazo zinatoa 6,600. Jumla 31,600.

Shilingi 126,000 kwa njia moja, 31,600 kwa nyingine. Duka ni lilelile, mwaka ni uleule. Tofauti ni 94,400, karibu pango la miezi minane. Ukiipima TOT kwa faida badala ya mauzo, mama huyu anatozwa karibu shilingi 31 katika kila mia ya faida yake, tangu senti ya kwanza. Ndiyo maana nasema asilimia 3 inadanganya masikio: udogo wake ni wa kulinganishwa na kitu ambacho si chako. Katika kila mia anayopokea, zaidi ya themanini ni za mwenye kiwanda na mwenye ghala.

Sasa tutafute mstari wa mpaka, ili msilazimike kurudia hesabu nzima kila mara. Asilimia 3 ya mauzo ni sawasawa na asilimia 30 ya sehemu ya kumi ya mauzo. Kwa maneno mengine, TOT inakutoza kana kwamba faida yako ni shilingi kumi katika kila mia, na kana kwamba yote inaangukia kwenye kiwango cha asilimia 30. Inakunyima zile hatua za chini na ile nafuu binafsi. Hatua hizo zina thamani gani? Faida ya 388,000 ingetozwa yote kwa asilimia 30 ingetoa kodi ya 116,400. Kwa hatua za chini pamoja na nafuu inatoa 25,000 tu. Tofauti ni 91,400. Hizo ndizo shilingi ambazo sheria inampa mlipa kodi wa faida kila mwaka na hampi mlipa kodi wa mauzo. Iwekeni kichwani nambari hiyo, tutakutana nayo tena.

Kwa kuwa 91,400 ni asilimia 30 ya shilingi 304,667, mpaka unapatikana hivi: chukua sehemu ya kumi ya mauzo yako ya mwaka, ongeza laki tatu na elfu tano hivi. Faida yako halisi ikiwa chini ya jumla hiyo, kodi ya faida ni ndogo. Ikiwa juu, TOT ni ndogo. Kwa duka letu, sehemu ya kumi ni 420,000. Ongeza 304,667, mpaka ni 724,667. Faida ni 410,000. Yuko mbali sana chini ya mpaka, na anapoteza.

Anayeuza milioni 2 mpaka wake ni kama 505,000, yaani shilingi 25 za faida katika kila mia. Anayeuza milioni 10 mpaka wake ni kama 1,305,000, shilingi 13 katika kila mia. Kwa hesabu ya kila mia, mpaka unashuka kadiri mauzo yanavyokua. Nikumbushe tu kwamba anayeuza zaidi ya milioni 5 ya bidhaa zinazotozwa VAT ana wajibu mwingine wa kujisajili, na huo ni mhadhara wa siku nyingine.

Tumgeukie fundi cherehani, maana bila yeye mtadhani nimekuja kuishtaki TOT. Anashona sare za shule na nguo za harusi. Kitambaa analeta mteja. Kwa mwaka anapokea 1,800,000. Uzi, vifungo, zipu, pango, umeme na matengenezo ya mashine ni 560,000. Faida halisi ni 1,240,000. TOT yake ni 54,000. Kodi ya faida yake ni 25,000, pamoja na asilimia 30 ya 852,000 zilizobaki juu ya 388,000, ambazo ni 255,600, jumla 280,600. Mpaka wake ni 484,667 na yeye ameupita mbali. Fundi huyu akishawishiwa na jirani yake mwenye duka ahame TOT, jirani atakuwa amemtia hasara ya shilingi 226,600 kwa mwaka. Anayeuza kazi ya mikono yake abaki kwenye mauzo. Kinyozi, msusi na fundi wa simu asiyeuza simu wako kundi hilo. Anayepitisha mali ya wengine mikononi mwake, kwa faida ya shilingi chache katika mia, ndiye wa kufikiria kuhama: duka la vyakula, muuzaji wa saruji na mabati, muuzaji wa kadi na gesi.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba faida ni kitu kimoja, na kwamba kila mtu anakijua. Ukweli ni kwamba zipo faida mbili. Ipo ile unayoijua wewe kwa kuhesabu rafu na mfuko, na ipo ile ambayo Mamlaka ya Mapato, KRA, iko tayari kuikubali. Tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki, ile ya mfumo wa eTIMS, haitolewi katika mapato. Umelipa kweli, mali imefika kweli, lakini kwa kodi ni kama hukununua. Vipo vilivyosamehewa: mishahara ya waajiriwa, riba na ada za benki, bidhaa ulizoziagiza mwenyewe kutoka nje kupitia forodha, na ile asilimia ya kila mwaka ya friji letu. Vingine vinahitaji ankara, nayo iwe na PIN yako wewe mnunuzi. Risiti ya mashine isiyo na PIN yako ni ushahidi kwamba mtu fulani alinunua, si kwamba ulinunua wewe.

Turudi dukani na daftari la ankara. Unga, mafuta, sabuni na soda vinatoka kwa wauzaji wa jumla wenye eTIMS. Hapo hakuna tatizo, mradi mama anataja PIN kila anaponunua. Lakini maharagwe, viazi na mahindi, vya shilingi 420,000 kwa mwaka, alivinunua kwa madalali na wakulima waliokuja na lori alfajiri. Hawakutoa karatasi. Usafiri wa 66,000 ulikuwa wa pikapu ya kijana wa mtaani, na mikokoteni 60,000 ndiyo usiseme. Jumla ni 546,000 zisizo na ankara.

KRA ikizikataa, faida yake kwa macho yao ni 956,000. Kodi ya faida inakuwa 25,000 pamoja na asilimia 30 ya 568,000, ambayo ni 170,400, jumla 195,400. Mama ambaye dakika chache zilizopita alikuwa anaokoa 94,400 kwa kuhama TOT, sasa anapata hasara ya 69,400 kwa kuhama. Mfukoni hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni karatasi.

Kwa hiyo mpaka ule tulioupata una kazi ya pili. Mpaka ni 724,667, faida ya kweli ni 410,000, na nafasi iliyo katikati ni 314,667. Hicho ndicho kiasi cha matumizi yasiyo na ankara ambacho duka hili linaweza kukivumilia kwa mwaka kabla TOT haijawa nafuu kwake. Kila laki moja ya matumizi isiyo na ankara inamgharimu 30,000. Kabla hamjaandika barua ya kujitoa, fanyeni hesabu hii, na ifanyeni kwa unyoofu: chukueni daftari la miezi mitatu iliyopita, jumlisheni kila malipo mliyofanya, kisha wekeni kando yale ambayo mngeweza kuonyesha ankara yenye PIN yenu leo hii. Zidisheni pengo kwa nne. Likizidi nafasi yenu, msihame bado.

Nimesema bado, kwa sababu pengo hilo linaweza kuzibwa. Sheria iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 inasema kwamba unaponunua kwa mkulima mdogo au kwa mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 5, wewe mnunuzi ndiye unayetoa ankara kwa niaba yake kwenye eTIMS. Ni sheria nzuri ambayo sokoni haijulikani. Inamfaa mama yetu kwa yale maharagwe na viazi, na kwa pikapu pia. Ugumu uko kwa muuzaji. Dalali wa lori anaona kuandikwa jina lake kwenye mfumo ni kukabidhiwa kwa serikali, na atakwambia bei ni moja bila karatasi na nyingine kwa karatasi. Hapo mnayo hesabu ya kujibu: ankara ya maharagwe ya 10,000 ina thamani ya hadi 3,000 kwako ukiwa katika kodi ya faida na faida yako imepita 388,000. Ukiwa katika TOT, ankara hiyohiyo haikupunguzii kodi hata shilingi. Akiongeza bei kwa 200 ili akubali, mpe.

Kama mama akifanikiwa kupata ankara za mazao na pikapu, na kushindwa kwa mikokoteni peke yake, faida kwa macho ya KRA ni 470,000, na kodi ni 25,000 pamoja na asilimia 30 ya 82,000, yaani 49,600. Bado ni chini ya nusu ya TOT. Sidai kwamba kila kitu kiwe safi. Nadai mjue kiasi cha uchafu mlicho nacho.

Kuna atakayeuliza gharama ya kuweka vitabu. Ni halali kuuliza. Tuseme mama anampa mtu 30,000 kwa mwaka amwandikie hesabu na kutuma ritani, na mtu huyo anatoa ankara. Malipo hayo nayo ni gharama ya biashara, kwa hiyo faida inashuka hadi 380,000 na kodi inakuwa 23,000. Jumlisha na malipo ya mhasibu, 53,000, ukilinganisha na 126,000. Bado inalipa. Lakini mwaka 2021, TOT ilipokuwa asilimia 1, duka hilihili lingelipa 42,000 tu kwa njia ya mauzo, na kuhama kungeokoa 10,400, ambazo mhasibu angezimeza zote kabla hajavua koti. Wakati ule niliwashauri watu wengi wenye maduka wabaki walipo, na ushauri ulikuwa sahihi. Anayeufuata leo anafuata kiwango kilichokwisha tangu Julai 2023.

Sasa swali ambalo huulizwa kila mara, na ambalo jibu lake hushangaza watu. Mwalimu aliyeajiriwa ana duka hili hili, linaloendeshwa na mkewe kwa jina la mwalimu. Mauzo ni 4,200,000, faida 410,000, ankara zote zipo. Je, naye ahame? Mshahara wake wa mwaka umepita 388,000, maana yake zile hatua za chini na nafuu binafsi zimekwisha kutumika kwenye mshahara, na mwajiri wake ameshazihesabu kila mwezi. Faida ya duka ikija juu ya mshahara inaangukia moja kwa moja kwenye asilimia 30. Asilimia 30 ya 410,000 ni 123,000. TOT ni 126,000. Tofauti ni shilingi 3,000 kwa mwaka, na kwa 3,000 sitamshauri mtu kuhifadhi ankara mia saba.

Linganisheni 123,000 ya mwalimu na 31,600 ya mama. Pengo ni 91,400, ile nambari niliyowaomba muiweke kichwani. Mtu hupewa hatua hizo mara moja tu kwa mwaka, hata awe na vyanzo vitatu vya mapato. Kwa mwenye mshahara, basi, mpaka ni sehemu ya kumi ya mauzo peke yake, bila kuongeza zile laki tatu. Faida ikiwa chini ya shilingi kumi katika mia, kodi ya faida ni nafuu; ikizidi, TOT ni nafuu, na mauzo yake hayamgusi kwenye mshahara kwa kuwa TOT ni kodi ya mwisho. Na kama biashara ni ya mke, kwa kweli na si kwa maneno, yenye PIN yake, kibali kwa jina lake na pesa zinazoingia kwake, basi hesabu ni ya mke na 91,400 ni zake. Usiandike jina la mke kwenye duka unaloliendesha wewe. Hilo si kupanga kodi.

Nigusie wakati wa kulipa, kwa sababu kwa biashara ndogo siku ya kulipa ina uzito karibu sawa na kiasi. TOT hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Mama akiuza 600,000 mwezi wa Desemba, anadaiwa 18,000 kufikia 20 Januari, wakati duka limekauka na karo zinasubiri. Kodi ya faida hulipwa kwa awamu nne, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba, lakini kodi ya mwaka isipozidi 40,000 awamu hazitakiwi. Mama mwenye 31,600 analipa mara moja kufikia 30 Aprili ya mwaka unaofuata, na ritani anaituma kufikia 30 Juni. Wapo wanaopenda kulipa kidogo kidogo kila mwezi kwa sababu pesa ya mwaka mzima hawawezi kuiweka bila kuigusa. Hilo nalo ni jambo la kujijua mwenyewe, na siwacheki.

Ukija mwaka mbaya, tofauti inakuwa kali zaidi. Mchele umeota wadudu, mabati yamevuja kwenye masika, wateja wa mkopo wamehama mtaa. Mauzo ni yaleyale lakini faida imeshuka hadi 150,000. TOT bado ni 126,000, na mama amebakiwa na 24,000 kwa kazi ya mwaka mzima. Katika kodi ya faida hadaiwi kitu. Faida ikigeuka hasara, TOT haisiti. Kodi ya faida humruhusu kuipeleka hasara mbele ikapunguze faida ya mwaka unaofuata.

Namalizia kwa namna ya kutoka, kwa wale ambao hesabu imewaambia watoke. Fanyeni uamuzi kabla mwaka haujaanza, ili msiwe na miezi ya TOT na miezi ya faida katika mwaka mmoja. Mwaka wa kodi wa mtu binafsi ni wa kalenda, kwa hiyo barua kwa Kamishna iende mapema, si wiki ya Krismasi. Siku ya mwisho ya Desemba hesabuni rafu na kuandika kila kitu kwa bei ya kununulia, kwa sababu hesabu ya mwaka mpya haitawezekana bila nambari hiyo ya kuanzia; asiyekuwa nayo atapoteza gharama ya mali yote iliyokuwa dukani. Kisha ingieni iTax mtazame kama wajibu wa TOT umeondolewa kweli kwenye PIN yenu, na kama wajibu wa kodi ya mapato ya mkazi upo. Barua peke yake haitoshi. Wajibu wa TOT ukibaki kwenye mfumo, mfumo utaendelea kungoja ritani kila tarehe 20, na kila mwezi usiotumwa una faini ya shilingi 1,000, hata kama mhusika anaamini alishatoka zamani. Pigeni picha ukurasa unaoonyesha wajibu wenu siku mtakapobadilishiwa, muihifadhi pamoja na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Nasikia kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekuja na daftari lake. Alilete hapa mezani, tuanze na mauzo.